Jumla yashuka, deni laoza

Kila Jumatatu kabla ya saa nne asubuhi natuma kwa idara ya fedha orodha ya ankara zilizopita tarehe ya kulipwa. Nazigawa kwa siku za kuchelewa: siku 1 hadi 30, 31 hadi 60, 61 hadi 90, na zaidi ya 90. Kazi yenyewe ni ya nusu saa, na kwa muda mrefu niliifanya kama mtu anayepiga kengele ya shule, yaani ikishalia basi, kazi yangu imekwisha. Siku hizi naona kwamba orodha ya aina hii ikitumwa ilivyo, makundi manne na jumla chini, inaweza kumpumbaza msomaji kuliko kumwamsha. Jumatatu moja ndiyo iliyonifungua macho.

Wiki iliyotangulia jumla ya madeni yaliyochelewa ilikuwa 18,400,000. Kundi la kwanza lilibeba 9,200,000, la pili 5,100,000, la tatu 2,600,000 na la mwisho 1,500,000. Jumatatu iliyofuata jumla ikawa 18,300,000. Imeshuka kidogo. Nikaandika juu ya barua pepe kwamba hali inaendelea vizuri, nikatuma, nikaenda kunywa chai.

Mhasibu akanipigia simu. "Kaka, hili kundi la tatu umeliangalia?"

Sikuwa nimeliangalia. Kundi la siku 61 hadi 90 lilikuwa limeruka kutoka 2,600,000 hadi 5,600,000, zaidi ya mara mbili, ndani ya wiki moja. Wiki hiyo wateja walilipa ankara za 2,100,000, zote za kundi la kwanza, na ankara mpya za 2,000,000 zikapita tarehe na kuingia humo humo. Hizo mbili zilikaribia kufutana, ndiyo maana jumla ikaonekana imetulia. Huku chini, ankara za 2,400,000 zilitoka kundi la kwanza kwenda la pili, na ankara moja ya 3,000,000 ikatoka la pili kwenda la tatu. Waliolipa ni wale ambao wangelipa hata bila kukumbushwa. Deni gumu lilikuwa linazeeka taratibu chini ya jumla iliyotulia.

Ile ankara ya 3,000,000 ndiyo iliyoniuma zaidi. Jumatatu iliyotangulia ilikuwa na siku 57. Nilikuwa nayo mbele ya macho, katikati ya kundi la 31 hadi 60, pamoja na nyingine zilizochelewa siku 33 au 35. Kundi lilizifanya zote zionekane rika moja. Tulipompigia mteja, tukaambiwa ankara haikuwa na namba ya oda ya ununuzi, kwa hiyo mhasibu wao aliiweka pembeni akisubiri tumtumie nyingine. Hakutuambia, nasi hatukuuliza. Tuliituma upya siku hiyo hiyo ikiwa na namba yake, na ikalipwa katika malipo yao yaliyofuata. Siku 64 kwa kasoro iliyotibiwa kwa dakika kumi!

Tangu siku hiyo nimeongeza safu moja kwenye orodha, na kwa maoni yangu ndiyo safu yenye thamani kuliko zote: ankara zitakazovuka mpaka kabla ya Jumatatu ijayo. Hesabu yake ni nyepesi. Kati ya orodha moja na nyingine kila ankara inazeeka kwa siku 7. Kwa hiyo yenye siku 24 leo, Jumatatu ijayo itakuwa na 31 na imeshahamia kundi jingine. Zinazovuka ni zile zilizo kati ya siku 24 na 30, kati ya 54 na 60, na kati ya 84 na 90. Mara nyingi ni chache kiasi kwamba mtu mmoja anaweza kuzipigia simu zote kabla ya chakula cha mchana.

Kwenye lahajedwali, tarehe ya Jumatatu naiandika kwa mkono katika seli B1. Tarehe ya mwisho ya kulipa iko safu ya D, na siku za kuchelewa safu ya E:

```
=$B$1-D5
=IF(E5<=0,"Bado",IF(E5<=30,"1-30",IF(E5<=60,"31-60",IF(E5<=90,"61-90","90+"))))
=IF(AND(E5>0,E5<=90,MOD(E5-1,30)>=23),"Inavuka","")
```

Wengi hapo kwenye B1 huweka `TODAY()`, na mwanzoni nami nilifanya hivyo. Tatizo lake utaliona Jumatano. Mtu akifungua faili siku hiyo, kila ankara imeongezeka siku mbili na baadhi zimehama kundi. Tuliwahi kukaa kikaoni watu wawili tukibishana juu ya faili moja, mmoja ameichapa Jumatatu na mwenzake anaisoma kwenye skrini, na kila mmoja ana namba zake. Tarehe ikiandikwa kwa mkono, orodha inabaki kuwa ya Jumatatu ile, na wiki mbili zinaweza kulinganishwa.

Jambo jingine la kuchunga ni seli tupu. Ankara isiyo na tarehe ya kulipa, fomula itaihesabu kana kwamba tarehe yake ni sifuri, na utaona siku zaidi ya 46,000 za kuchelewa. Hiyo angalau inajitangaza yenyewe. La hatari ni tarehe ambayo siku na mwezi vimebadilishana nafasi. Tarehe 5 Juni ikisomeka kama 6 Mei, ankara inazeeshwa kwa siku 30 kamili na inaangukia kundi jirani bila mtu kushtuka. Kwa hiyo kabla ya kutuma napanga orodha kwa siku za kuchelewa, nasoma mistari mitano ya juu na mitano ya chini, kisha nachukua ankara tatu katikati na kuzilinganisha na nakala zenyewe.

Kuna swali ambalo watu hulipita haraka: siku zinahesabiwa kuanzia wapi? Toleo langu la kwanza lilihesabu kuanzia tarehe ya ankara, kwa sababu ndiyo tarehe iliyokuwa rahisi kuipata kwenye mfumo. Tulikuwa na mteja mwenye makubaliano ya kulipa ndani ya siku 60. Ankara yake ya siku 45 ikakaa kwenye kundi la pili, na mtu wa fedha, akiiamini orodha yangu, akamwandikia barua kali. Mteja alijibu kwa mstari mmoja na kuambatanisha mkataba. Ilibidi mimi ndiye nimpigie kuomba radhi, na ilikuwa haki yangu. Tangu hapo nahesabu kuanzia siku ya mwisho ya kulipa, na muda wa makubaliano nauchukua kwenye mkataba wa kila mteja, siujazi siku 30 kwa wote ili kurahisisha kazi.

Halafu kuna pesa zilizoingia zikakosa mwenyewe. Mteja analipa Ijumaa jioni kwa mkupuo, ankara nne kwa pamoja, wala haandiki namba za ankara. Benki inaonyesha pesa, lakini kwenye vitabu ankara zote nne bado zinadaiwa. Ukizituma hivyo, fedha watamdai mtu aliyekwisha kulipa, na simu za namna hiyo ndizo zinazowafanya wateja waache kupokea simu zetu hata tunapokuwa na haki. Ndiyo maana situmi saa mbili asubuhi. Nasubiri taarifa ya benki ya mwisho wa wiki iingizwe, na malipo ambayo bado hayajaoanishwa nayaweka kwenye mstari wake chini ya jina la mteja, yakiwa na alama ya kutoa. Siyapangi kwenye kundi lolote kwa kukisia. Msomaji akiona mteja anadaiwa 1,200,000 na chini yake kuna 1,150,000 isiyooanishwa, anajua aanze kwa kuuliza, asianze kwa kudai.

Najua wapo wanaotaka orodha ipangwe kwa mteja badala ya siku. Wana hoja, maana mteja mmoja anaweza kuwa na ankara katika makundi matatu, na si adabu kumpigia mara tatu. Mimi nabaki na makundi ya siku kwa sababu hatua ya kuchukua inategemea umri wa deni. Wa siku 10 anakumbushwa kwa upole, wa siku 70 anaulizwa nini kimekwama na nani aliyeishika ankara. Ila kila mstari nimeuongezea safu ndogo yenye jumla anayodaiwa mteja huyo kote, ili anayeshika simu ajue picha nzima kabla hajasema "shikamoo".

Kuhusu kundi la zaidi ya 90, msimamo wangu ni mkali kidogo. Lina tabia ya kugeuka makaburi. Mistari ile ile, wiki baada ya wiki, mpaka macho yanajifunza kuiruka, na yakishajifunza kuruka hayachagui tena cha kuruka. Na siku 90 si mpaka wa mapambo. Kiwango cha kimataifa cha uhasibu IFRS 9, kilichoanza kutumika 1 Januari 2018, kinachukulia kwamba deni lililopita tarehe kwa siku 90 limeshindwa kulipwa, isipokuwa kampuni iwe na ushahidi mzuri wa kuonyesha vinginevyo. Kwa hiyo mimi jumla ya kundi hilo naiacha kwenye orodha kama mstari mmoja, na mistari yenyewe naihamishia karatasi ya pembeni inayojadiliwa mara moja kwa mwezi, kila deni likiwa na uamuzi wake: kulipa kwa awamu, kwenda kwa wakili, au kupendekezwa lifutwe. Kuifuta jumla yake kwenye orodha ya Jumatatu ili ukurasa upendeze, hapana. Niliombwa mara moja, nikakataa.

Upande wa kulia kabisa nimeacha safu ya sababu, yenye maneno matano au pungufu: "hana namba ya oda", "analalamikia ubora", "ameahidi Alhamisi". Safu hiyo mfumo hauwezi kuijaza. Naijaza mimi kwa kuwauliza watu wa mauzo Ijumaa mchana, na ikibaki tupu wiki mbili mfululizo kwa ankara ile ile, hiyo nayo ni habari: hakuna aliyempigia mteja.

Jumatatu ikiangukia sikukuu, natuma Jumanne, ila B1 inabaki na tarehe ya Jumatatu. Mhasibu alinihoji mara ya kwanza akidhani nimesahau kuibadilisha. Nikamwambia, dada, tukiisogeza siku moja leo, wiki ijayo hatua itakuwa ya siku 6 badala ya 7, na ile safu ya "Inavuka" itatuonyesha hata ambazo hazitavuka.