Taa ikizimika katikati ya ziwa: tangazo la zawadi likae wapi?

"Kaka, gemu yangu ya dagaa imeanza kuchezwa na watu wa hapa hapa Mwanza. Nataka niingize video za matangazo, zile mtu anatazama kwa hiari halafu anapata zawadi, ila naogopa watachukia na kuifuta. Niweke pale karabai inapozimika au mwishoni mtu akishafika mwaloni?"

Nimeicheza siku tatu mfululizo, mara nyingi nikiwa nasubiri kivuko cha Kamanga, kwa hiyo nazungumzia kitu nilichokishika. Kwa ambao hawajaiona: uko kwenye mtumbwi, usiku wa giza, karabai inawaka na dagaa wanaufuata mwanga. Kadiri unavyosubiri ndivyo wanavyoongezeka chini ya taa, lakini mafuta nayo yanaisha. Ukivuta wavu mapema unapata kidogo. Ukichelewa taa inazima, dagaa wanatawanyika na unarudi mtupu. Mafuta yanatosha sekunde 90. Baada ya hapo uko mwaloni, samaki wanahesabiwa, unalipwa sarafu.

Anayetaka tangazo likae kwenye taa ana hoja nzito. Hakuna wakati mchezaji anahitaji kitu kwa nguvu kuliko pale mwanga unapofifia na wavu uko nusu. Zawadi yenyewe haihitaji maelezo: tazama video, upate mafuta. Mtu haoni kwamba ametolewa kwenye gemu akapelekwa dukani, kwa sababu mafuta ni sehemu ya hadithi aliyomo. Ukihesabu wanaobonyeza tu, sehemu ya namna hii huwa na wabonyezaji wengi, na ukihesabu hela ya wiki ya kwanza utaona hapa ndipo penyewe.

Lakini tazama inachokula. Video nyingi za aina hii huchukua kama sekunde 30. Mtu akitazama moja kila raundi, katika kila dakika mbili alizoshika simu, nusu dakika si gemu. Hilo pengine angelivumilia. Kibaya zaidi ni kwamba hofu ya mafuta kuisha ndiyo gemu yako. Ukiondoa hofu hiyo kinabaki kidole kinachobonyeza samaki. Siku mchezaji anapojua kwamba giza linanunulika kwa nusu dakika, uamuzi wa kuvuta wavu mapema unapoteza uzito, na anaanza kuchoka bila kujua kwa nini. Hatakuandikia kwamba tangazo limemuudhi. Ataandika kwamba gemu "inaboa".

Kuna mtego mwingine, na huu unamnasa mtengenezaji. Mimi mwenyewe niliwahi kunaswa katika gemu yangu ya kwanza. Nilikuwa na kitu kama taa yako, nikaona watu wanabonyeza, nikapunguza muda kwa sekunde chache ili wengi zaidi waishiwe. Video zilizotazamwa zikapanda. Baada ya wiki mbili hivi raundi ambazo mtu anacheza kwa mkao mmoja zikaanza kushuka, na nilichelewa kuunganisha mambo haya mawili kwa sababu nilikuwa naangalia jedwali la mapato peke yake. Ukiweka tangazo mahali mchezaji anaposhindwa, umejipa sababu ya kutaka ashindwe.

Mwaloni pana utulivu. Raundi imeisha yenyewe, kidole kimeshatoka kwenye kioo, hakuna pumzi iliyobanwa ya kukatizwa. Kitufe kinachosema "Tazama video, sarafu mara mbili" hakimharibii mtu chochote, na asiyetaka anapita. Ndiyo maana wengi wanakushauri uende huko moja kwa moja. Nakubaliana nao kwa sehemu tu, kwa sababu hesabu ya sarafu ina madhara yake.

Kwa sasa raundi ya kawaida inalipa sarafu 40, na mtumbwi wa pili unauzwa 600. Asiyetazama video anaupata kwa raundi 15. Anayezidisha kila raundi anaupata kwa 8. Maana yake gemu uliyoijenga kwa miezi inaisha karibu mara mbili haraka kwa wateja wako bora, wale wanaokuingizia hela. Utaona wanamaliza na kuondoka, utapandisha bei ya mtumbwi hadi 1200, na hapo yule kijana wa Igogo ambaye bando lake limekatika atalazimika kucheza raundi 30 kupata kitu ambacho mwenye MB anapata kwa 15. Kitufe cha hiari kimegeuka kodi, na watu wanaitambua kodi haraka.

Dawa yake si kuondoa kitufe, ni kukiwekea kikomo. Ruhusu kuzidisha mara tatu tu kwa siku. Mtu wa raundi 6 kwa siku anapata sarafu 240 bila video na 360 akitazama zote tatu. Mtumbwi wa 600 anaupata siku ya pili badala ya siku ya tatu. Tofauti hiyo inatosha kumfanya atazame, na haitoshi kumfanya asiyetazama ajione mjinga. Bei inabaki 600 kwa wote. Kikomo kina faida nyingine ya pembeni: kitu kinachopatikana mara tatu tu kwa siku mtu anakikumbuka, anarudi kesho kukichukua.

Kwa hiyo mimi ningeanza na mwaloni, mara tatu kwa siku. Taa nisingeiacha kabisa, ila ningeifungia masharti: mara moja kwa raundi, na pale tu ambapo wavu tayari una mzigo mkubwa kuliko wastani wa mchezaji huyo. Hapo anaokoa kitu alichokifanyia kazi, na kwa kuwa hutokea mara chache, hofu ya giza inabaki hai. Mafuta ya ziada yawe ya sekunde 15, si 90, yamtoshe kuvuta wavu tu. Na akirudi kutoka kwenye video usimtupe majini papo hapo. Mpe hesabu ya tatu, mbili, moja, maana simu ameishika vingine na sauti ya tangazo bado iko masikioni.

Maneno ya kitufe yawe wazi kabla hajabonyeza: anapata nini na kiasi gani. Cha kukataa kiwe na ukubwa uleule, kionekane papo hapo, kiandikwe "Hapana, rudi mwaloni". AdMob, mtandao wa matangazo wa Google, inataka tangazo la zawadi liwe la hiari ya kweli, na sera ya Google Play inayozuia matangazo ya kujitokeza ghafla katikati ya mchezo inayaacha haya kwa sababu tu mtu ameyachagua mwenyewe. Ukificha kitufe cha kukataa umeondoa sababu hiyo kwa mkono wako.

Sasa suala ambalo washauri wa mbali hawaligusi: MB za watu. Kwa kawaida video haishuki pale mtu anapobonyeza, inashuka pale unapoomba tangazo lipakiwe. Ukipakia mara gemu inapofunguka, kitufe kitakuwa tayari muda wote, lakini aliyefungua acheze raundi moja akisubiri daladala umemlia bando kwa video asiyoiona. Ukisubiri abonyeze, anakaa akitazama duara linazunguka, na hapo mwendo wa mchezo umekufa. Zaidi ya hayo, tangazo la AdMob lililopakiwa huisha muda baada ya saa moja, kwa hiyo hata la mapema linaweza kuwa limechacha.

Kwako njia ya katikati ipo. Anza kupakia mafuta yakibaki theluthi, yaani sekunde ya 60, na usipakie kabisa kama mchezaji ameshamaliza tatu zake za leo na wavu wake ni mwepesi. Una sekunde 30 za kushusha. Mtandao ukiwa mzuri zinatosha. Ukiwa juu ya kivuko huenda zisitoshe, na hapo kitufe kisionekane tu. Usiweke kitufe cha kijivu, wala maneno "jaribu tena". Usimpe mafuta ya bure kwa huruma pia. Niliwahi kufanya hivyo, na ilichukua siku mbili wachezaji kugundua kwamba ukizima data unapata zawadi bila video. Mwanza hatufundishwi ujanja wa data.

Upande wa msimbo wa programu nataja jambo moja, kwa sababu ndilo linaloleta malalamiko makali kuliko tangazo lenyewe: mtu ametazama hadi mwisho na hakupewa. Kama unatumia AdMob ndani ya Unity, zawadi itolewe ndani ya mwito wa `Show` unaothibitisha kwamba ameipata. `OnAdFullScreenContentClosed` itumike kufungua mchezo tu. Ukitoa zawadi kwenye kufunga, aliyekatiza naye analipwa. Na kabla ya kuita `Show`, hifadhi raundi kwenye simu: mafuta, samaki waliomo, sekunde. Mtu akigusa tangazo akapelekwa Play Store, simu yenye RAM ndogo inaweza kuiua gemu yako nyuma yake. Akirudi anakuta ukurasa wa mwanzo, wavu wake haupo, na amekubali kutazama tangazo lako.

Utajuaje kama umepatia? Usilinganishe wanaotazama video na wasiotazama. Wanaotazama watarudi zaidi siku zote, kwa kuwa tayari walikuwa wameipenda gemu. Gawa wachezaji wapya kwa bahati nasibu, nusu wapate taa na mwaloni, nusu mwaloni pekee. Firebase Remote Config inafanya kazi hiyo. Kisha tazama mambo mawili: wangapi wamerudi kesho yake, na raundi ngapi kwa mkao mmoja. Ila ukiwa na watu 100 kila upande, 30 wakarudi huku na 34 kule, hiyo ni bahati tu, usibadilishe kitu. Subiri giza mbili tatu zipite, wachezaji waongezeke, ndipo uvute wavu.