Kifaru Aliyepanda Bei

Mchezo wangu wa karata una wanyama, na wanyama wote kazi yao ni moja: kula ghala la jirani. Kila mchezaji anaanza na magunia 20, na gunia lako la mwisho likiliwa, umekwisha. Kumwita mnyama unalipa mbegu. Zamu ya kwanza unapewa mbegu 1, ya pili 2, hivyo hivyo mpaka 10, na usizozitumia zinapotea. Mchwa bei yake ni mbegu 1, anakula gunia 1 kila zamu. Nyuki ni 2, anakula magunia 2. Halafu yupo Kifaru, karata moja tu katika rundo zima la karata 60. Bei yake 6, na anakula magunia 8 kwa zamu bila hata kunawa mikono.

Nilikata karata zote mwenyewe kwa karatasi ya manila, nikachora wanyama (Nyuki wangu anafanana na kitumbua chenye mabawa, lakini hilo si la leo), kisha nikakusanya wachezaji wa majaribio. Alikuwepo shemeji yangu, anayecheza haraka kama mtu aliyeacha chungu jikoni. Alikuwepo mpwa wangu, binti wa mahesabu. Na alikuwepo Shangazi, aliyekuja kusalimia tu.

Nilinunua daftari. Kila mchezo ulipokwisha niliandika nani kashinda, nani alianza, na karata gani kubwa zilichezwa na nani. Baada ya michezo 40 nikajifungia chumbani na kikokotoo. Kifaru alikuwa amechezwa mara 15, na aliyemcheza alishinda mara 12. Asilimia 80! Katika mchezo wa watu wawili, karata isiyo na upendeleo ingezunguka kwenye 50. Nikasema, huyu mnyama anaua mchezo wangu. Nikachukua stika ndogo nyeupe, nikaandika 7, nikaibandika juu ya ile 6.

Michezo 40 mingine. Safari hii alichezwa mara 12, akashinda 10. Asilimia 83.

Nikatazama zile tarakimu kama mtu aliyeongeza chumvi na mchuzi ukazidi kuwa chapwa. Nikabandika 8. Michezo 40 tena, na shemeji sasa ananiuliza kama kuna chakula. Kifaru akachezwa mara 10, akashinda 9. Asilimia 90! Kwa hasira nikabandika 9. Kwenye awamu iliyofuata akachezwa mara 4 na akashinda zote 4. Nilikuwa nimempandishia bei kwa nusu nzima, na sasa hafungiki.

"Nitampeleka 12," nikatangaza.

"Mjomba," mpwa wangu akasema, "mbegu zinaishia 10."

"Ndiyo maana nampeleka 12."

Akaninyang'anya stika. Akaniuliza swali moja: wale walioshika Kifaru wakashindwa kabla ya kumlipia, umewaandika wapi? Sikuwa nimewaandika popote. Daftari langu lilikuwa na safu ya "aliyemcheza", basi. Akanieleza taratibu, kwa sauti ile unayotumia kumwelekeza mzee barabara. Ili umcheze mnyama wa mbegu 9 lazima ufike zamu ya tisa, na mtu aliyefika zamu ya tisa ghala lake likiwa bado na kitu ameshakaribia kushinda. Kifaru anafika harusini wakati wa kupiga picha, halafu mimi naandika kwamba ndiye aliyepika. Na kadiri ninavyopandisha bei, ndivyo anavyochezwa na walioshinda tayari peke yao, na ndivyo asilimia inavyopanda. Ningemweka bei ya 10 angepata 100 mpaka siku ya kiyama.

Dawa yake haikuwa ngumu. Tuliongeza safu ya "aliyemshika mkononi", awe amemcheza au hakumcheza. Karata ikikufikia mkononi imekufikia kwa bahati, haichagui mshindi, kwa hiyo asilimia ya ushindi ya waliomshika ndiyo inayosema kitu. Mpwa akaweka na sharti: bei isiguswe, Kifaru abaki 9, tucheze michezo 40 kamili. Nikataka kucheza 10 tu tuone. Akasema michezo 10 haimwambii mtu chochote, na hata 40 inaweza kupotoka asilimia 15 huku au kule kwa bahati tupu. Shemeji akauliza tena kuhusu chakula.

Tukacheza. Kabla ya kuanza, mpwa alikuwa amepiga hesabu ya tunachopaswa kukiona. Kila mtu anagawiwa karata 5, anavuta moja kila zamu, mchezo unakwenda zamu kama 10. Hiyo ni karata 15 kwa mtu, 30 kwa wote wawili, yaani nusu ya rundo. Basi Kifaru, akiwa mmoja, aonekane kwenye nusu ya michezo, na kila mchezaji amshike katika robo ya michezo yake. Shangazi alicheza michezo 20, kwa hiyo ategemee kumshika kama mara 5.

Alimshika mara 14.

Na katika hizo 14 alishinda 12. Wengine wote tulimshika mara 9 kwa jumla tukashinda 2, maana tulikufa tumemkumbatia tukisubiri mbegu 9. Hapo pakawa na mambo mawili yasiyolingana na akili. La kwanza, kwa nini Kifaru anampenda Shangazi. La pili lilikuwa baya zaidi: kwenye safu ya zamani, ile ya "aliyemcheza", Shangazi alikuwa amemcheza mara 1 tu.

"Shangazi," nikasema, "Kifaru umemshika mara 14."

"Eh, namuona ona."

"Sasa unamfanyia nini?"

"Namuuza."

Pakawa kimya. Hapa lazima niungame. Katika kanuni zangu, mstari wa mwisho kabisa, nilikuwa nimeweka soko: mara moja kwa zamu, mchezaji anaweza kuitupa karata na kulipwa mbegu nusu ya bei yake, na nusu isiyo kamili inapandishwa juu. Niliiweka ili mtu mwenye karata mbovu asikwame. Nikaisahau. Shemeji hakuwahi kuisoma. Shangazi aliisoma siku ya kwanza, akakunja miwani, akaanza kazi.

Basi fuateni hesabu yake. Kifaru wa 6 anauzwa mbegu 3. Wa 7 na wa 8 anauzwa 4. Wa 9 anauzwa 5. Kumbe mimi kwa stika zangu nilikuwa nampandishia Shangazi mshahara! Kwa bei ya 9, Shangazi anaanza zamu yake ya kwanza na mbegu 1, anamuuza Kifaru, anakuwa na 6. Anawaita Mchwa wawili na Nyuki wawili papo hapo. Hao wanakula magunia 6 kila zamu, na wewe upande wa pili una mbegu 1 au 2 na unaomba Mungu. Zamu nne, ghala limebaki vumbi. Katika michezo 6 ambayo hakumshika Kifaru alishinda 3, kama binadamu mwingine yeyote. Michezo 6 ni michache, sikatai, lakini kwa 12 kati ya 14 huhitaji kikokotoo.

Wachezaji wengine tulipoiga mbinu hiyo hakuna kilichoisimamisha. Tulijaribu kujibu kwa Nyuki, tukajaribu kuanza kwa Mchwa, aliyeuza mapema alishinda tu. Hapo mpwa akasema hii ndiyo mbinu tawala: ile iliyo bora bila kujali mwenzako anafanya nini. Na daftari langu lisingeiona kamwe, kwa sababu kuuza hakukuwa na safu.

Likabaki lile la kwanza. Mara 14 badala ya 5. Nikamwomba Shangazi akate karata polepole, tuone.

Kanuni zangu zinasema anayeanza ndiye anayechanga karata, na anayefuata ndiye anayekata. Kisha, kwa kuwa wa pili anachelewa, anapewa fidia: karata ya chini kabisa ya rundo. Kwa heshima sisi sote tulikuwa tukimwachia Shangazi kukata, naye alikuwa akisema "tangulieni, wanangu," kwa upole mkubwa. Akashika rundo. Vidole vikapita ubavuni, rundo likapasuka lenyewe mahali pamoja, akainua sehemu ya juu na kuiweka chini. Tukaigeuza karata ya chini. Kifaru, kama kawaida yake.

Nikamshika mkononi. Alikuwa na stika tatu moja juu ya nyingine, 7, 8 na 9, kwa sababu kubandua kungechana manila. Karata zikilala kifudifudi, ule unene wa stika unakaa upande wake wa chini, unaacha mwanya kati yake na karata inayomfuata. Ukikata rundo linaachia hapo hapo, Kifaru anabaki mwisho wa kipande cha juu, kipande kikienda chini yeye ndiye karata ya fidia.

"Shangazi, ulikuwa unajua?"

"Mimi nakata panapokatika."

Marekebisho yalichukua dakika tano, baada ya wiki tatu za kubandika. Soko sasa linalipa mbegu 1 kwa karata yoyote. Kifaru alirudi 6. Nikataka pia kumpandisha Mchwa kutoka 1 hadi 2, mpwa akanishika mkono: kwa mnyama wa mbegu 6 hatua moja ni kidogo, kwa wa mbegu 1 ni kumuongezea bei maradufu, na kesho yake hakuna atakayemgusa. Mchwa tukamwacha. Mimi nikachora upya karata zote 60 na kuziingiza kwenye vifuko vya plastiki, unene mmoja. Nyuki bado ni kitumbua.

Tukacheza 40 za kuhakikisha. Kifaru alishikwa mara 21, walioshika walishinda 11. Nikatamani kuiwekea ile namba fremu.

Kabla ya mchezo wa kwanza wa awamu hiyo Shangazi alipewa rundo akate, kama desturi. Vidole vikapita ubavuni. Vikarudi. Vikapita tena. Akashusha miwani, akanitazama.

"Yule mnene mmempeleka wapi?"