Fleti tupu: kupamba, kushusha bei, au kwanza kuondoa harufu?

“Nina fleti ya vyumba viwili Upanga, iko tupu mwezi wa nne sasa. Watu wanakuja kuangalia, hawarudi. Wengi ni vijana wanaonunua kwa mara ya kwanza. Dalali anataka nikodi fanicha za nyumba nzima, mke wangu anasema tushushe bei. Tumsikilize nani?”

Dalali ana hoja nzito moja. Chumba kitupu hakina kipimo. Jicho likikosa kitanda wala kiti cha kulinganishia, hukiona chumba kidogo kuliko kilivyo. Kijana anayetoka kwenye nyumba ya kupanga huingia na swali moja kichwani: vitu vyangu vitaenea? Tayari ana kitanda cha tano kwa sita, kabati, na pengine seti ya sofa aliyoinunua kwa kudunduliza. Asipopata jibu pale pale, anaondoka na wasiwasi, na mwenye wasiwasi harudi.

Lakini hoja hiyo haifiki mbali kama dalali anavyoipeleka. Mwaka 2015 watafiti wa Marekani, Lane, Seiler na Seiler, waliwaonyesha wanunuzi nyumba ile ile katika hali tofauti za rangi na fanicha. Fanicha nzuri ilibadilisha jinsi watu walivyoiona nyumba kuwa ya kukalika, ila haikubadilisha kwa uzito bei waliyokuwa tayari kulipa. Marekani si Dar es Salaam, lakini kwetu kuna sababu ya ziada ya matokeo kuwa hivyo: baadhi ya wanunuzi wa kwanza hutegemea mkopo wa benki, na mthamini wa benki hapimi sofa. Ukipandisha bei kwa sababu ya mapambo, benki itakopesha kulingana na thamani ya mthamini, na pengo litamwangukia kijana ambaye akiba yake imeishia kwenye malipo ya awali. Kwa hiyo mapambo yahesabiwe kama gharama ya kumfanya mtu arudi mara ya pili, na si njia ya kuongeza bei.

Tuseme fleti inauzwa milioni 180. Kushusha asilimia 3 ni milioni 5.4 ambazo hazirudi. Kukodi fanicha za nyumba nzima, tuseme kwa laki 6 kwa mwezi, ni milioni 2.4 kwa miezi minne. Zote mbili ni ghali ukilinganisha na kinachowafukuza watu kwanza, nacho mara nyingi ni harufu.

Fleti isiyokaliwa hunuka chooni kwa sababu inayoeleweka. Chini ya kila tundu la kutolea maji sakafuni, na chini ya sinki, kuna bomba lililopinda ambalo hubaki na maji kidogo. Maji hayo ndiyo kizuizi cha hewa ya maji taka. Kwa joto la Dar, tundu lisilotumika hukauka na hewa ile hupanda moja kwa moja hadi sebuleni. Mwenye nyumba anamwaga dawa ya kunukia, harufu inarudi kesho yake. Dawa yake ni kumwaga lita moja ya maji kwenye kila tundu kila wiki, kisha kijiko cha mafuta ya kupikia juu yake ili maji yasikauke upesi. Vuta na choo. Harufu ikibaki hata baada ya hapo, kuna kiungo kinachovuja, na hapo aitwe fundi bomba.

La pili ni ukuta. Ukiona unga mweupe au rangi iliyovimba karibu na bafu, usipake rangi juu yake, kwani itavimba tena, pengine siku ile ile mnunuzi anarudi na mzazi wake. Bandika kipande cha nailoni cha sentimita 30 kwa 30, ziba kingo zote kwa tepu, kiache saa 24. Unyevu ukitokea upande wa ukutani, maji yanatoka ndani ya ukuta: tafuta bomba linalovuja. Ukitokea upande wa chumbani, ni hewa yenye unyevu tu. Fungua madirisha kila siku.

Ukuta ukiwa mkavu, paka rangi nyeupe iliyofifia, rangi moja nyumba nzima. Chumba cha mita 3 kwa 3.3 chenye kimo cha mita 2.7 kina ukuta wa takribani mita 30 za mraba ukitoa mlango na dirisha. Ukipaka mara mbili, lita moja ikifunika mita 10 za mraba, ni lita 6. Sebule ya 3.6 kwa 4.5 inataka kama 7 na nusu. Ndoo ya lita 20 inatosha hivyo viwili na ukumbi mdogo. Neti za madirisha zivuliwe na kusuguliwa kwa sabuni. Vumbi lake hupunguza mwanga. Weka umeme kwenye LUKU kabla ya kila ziara, na taa za rangi moja, zenye mwanga wa njano hafifu, vyumba vyote. Taa nyeupe kali huifanya sebule ifanane na zahanati.

Sasa fanicha. Pamba chumba kikuu na sebule tu. Chumbani lete kitanda halisi cha tano kwa sita, hata kama ni cha nyumbani kwako. Upana wake ni sentimita 152, hivyo ubavu wa mita 3 unabakiza sentimita 74 kila upande, nafasi ya mtu kupita na kufungua droo. Usiweke cha nne kwa sita ili chumba kionekane kikubwa. Mwenye sita kwa sita, upana wa sentimita 183, atabaki na 58 kila upande; anapita, lakini kwa kubanana, na ni haki yake kulijua kabla ya kusaini.

Sebuleni hakuna haja ya seti. Kapeti moja, viti viwili na meza ndogo vinatosha, halafu chora sakafuni kwa tepu ya mafundi rangi umbo la sofa ya watu watatu, kama sentimita 210 kwa 90, na la watu wawili, 160 kwa 90. Andika vipimo kwenye karatasi ndani ya kila umbo, na acha futi pembeni. Mnunuzi atapima mwenyewe, na kipimo chake atakiamini kuliko maneno ya dalali. Mwambie mapema kipi kinabaki na kipi kinaondoka, maana suala hilo limeshavuruga mapatano mengi dakika za mwisho.

Picha zipigwe saa tatu au saa nne asubuhi, kutoka pembeni, simu ikiwa imenyooka bila kuinamishwa, kwenye kimo cha kifua. Lenzi pana ya simu inarefusha chumba. Mtu akifika na kukuta kifupi, anahisi amedanganywa kabla hajavua viatu.

Kuna hali ambazo haya yote hayafai kitu. Kama hati ya sehemu ya jengo, kwa mujibu wa Sheria ya Umiliki wa Sehemu za Majengo ya 2008, haijatoka kwa jina lako, benki haitasogea, hata kitanda kiwe cha dhahabu. Na kama wanaokuja wananunua ili wapangishe, wao wanauliza kodi watakayopata na ada ya jengo.

Halafu hesabu kwa wiki sita: waliopiga simu, waliofika, waliorudi. Simu zikikosekana, tatizo ni picha au bei. Wakifika wasirudi, tafuta tena harufu, unyevu na mwanga. Wakirudi na futi mkononi, wakaomba nakala ya hati, kisha wakanyamaza, hapo mke wako yuko sahihi.