Ajira ya TSC Lamu au shule ya binafsi Malindi

"Nina kazi shule ya binafsi Malindi, TSC wamenipangia Faza, huko Lamu. Niende?"

Mwalimu, tazama kwanza barua ya uteuzi. Kama ni ya kudumu na pensheni, nenda. Kama ni intanshipu, hesabu ni nyingine kabisa.

Usilinganishe mshahara wa msingi peke yake. Posho ya nyumba hufuata daraja na kituo. Kinachoongezea Faza ni posho ya mazingira magumu, nayo hukatika ukihamishwa. Ukihama ikaendelea kuingia, usiitumie, maana itadaiwa. Na nyumba Faza ulizia kwa mwalimu mkuu kabla ya kupanda boti; za kupanga ni chache.

Pensheni ndiyo tofauti kubwa: ukishafika kiwango kamili unakatwa asilimia 7.5, serikali inaongeza 15. Huko binafsi, mwenye shule akikuchoka, ni notisi ya siku 28, sababu, na kukuita kwenye kikao, basi, na wengine hata hiyo hawaitoi.

Uhamisho usiutegemee mapema: ajira mpya hufungwa miaka 5, na hata baada ya hapo lazima apatikane wa kuziba nafasi yako. Wanaotaka kwenda Faza, wewe mwenyewe unawajua.