Kabla hujamwandikia mhasibu barua ya onyo, angalia GRN iliingizwa lini

Kuna kikao nimekaa juzi kimenikera mpaka leo. Kiwanda cha unga, sitakitaja, kimeleta mshauri akachota data za manunuzi kwenye SAP, sistimu inayoendesha manunuzi na hesabu zao, akazitia kwenye programu ya kuchimba michakato, ile inayosoma tarehe za matukio na kuchora kazi ilivyopita, ikatoka ile ramani yenye vimshale inavyotoka, na mshale mmoja umeiva mwekundu: invoisi ikishaingia inakaa siku 11 ndo inafunguliwa ilipwe. Mkurugenzi akamgeukia dada wa malipo mbele ya watu wote, akamuuliza hizo siku 11 huwa anafanya nini. Dada wa watu akainama. Kikao kikaendelea, na mwisho wake ikasemwa aandikiwe barua.

Hapo ndipo pananiuma. Sio kwamba kuchimba michakato ni kubaya, mimi naishi kwa kazi hii na naipenda, lakini ile ramani inakwambia muda umepotea kati ya tukio hili na lile, basi. Haikwambii nani alikuwa amekalia mzigo. Na ukichagua kolamu mbaya ya tarehe, hata huo mshale wenyewe unakuwa haupo, umeutengeneza wewe.

Tuichukue PO, yaani oda ya manunuzi, ile ile mshauri aliyoionyesha kama mfano. Mifuko ya kufungashia unga, 20,000, inaenda ghala la mkoani. PR, yaani ombi la kununua, imefunguliwa tarehe 3 Machi 2025, ikaidhinishwa tarehe 12, PO ikatoka tarehe 13. Mzigo umefika tarehe 18, invoisi ikaingizwa tarehe 24, ikazuiwa malipo, ikafunguliwa tarehe 4 Aprili, ikalipwa tarehe 10 kwenye F110, malipo ya mkupuo ya kila Alhamisi. Ukiisoma hivi kila kitu kimekaa sawa: mzigo upo tangu tarehe 18, karatasi ya saplaya ipo tangu tarehe 24, sasa kuanzia hapo mpaka tarehe 4 dada wa malipo anasubiri nini?

Alikuwa anasubiri GRN, ile hati ya kupokea mzigo. Haikuwepo.

GRN kwenye SAP ina tarehe tatu, na watu wanazichanganya kila siku. BLDAT ni tarehe ya karatasi, yaani ile iliyoandikwa kwenye delivari noti. BUDAT ni tarehe ya kihasibu, mtu anaichapa mwenyewe na anaweza kuirudisha nyuma ilimradi kipindi hakijafungwa. CPUDT ndo siku ambayo mtu alikaa kwenye kompyuta akaiingiza, na hiyo inaandikwa na sistimu yenyewe, huichapi wewe. Mshauri alichukua BUDAT. Nikaomba wanivutie hii tu, kutoka EKBE, jedwali la historia ya PO:

```sql
SELECT EBELN, EBELP, BLDAT, BUDAT, CPUDT, CPUTM, ERNAM
FROM EKBE
WHERE VGABE = '1' AND BWART = '101'
```

VGABE ya 1 ni mapokezi ya mzigo, BWART 101 ni kupokea kwa PO. Kwa ile PO ya mifuko BLDAT ni 18 Machi, BUDAT 18 Machi, CPUDT 2 Aprili. Siku 15 mzigo umelala ghalani, mifuko mingine nadhani ishajazwa unga na kuuzwa, na sistimu haijui kama kuna kitu kimepokelewa.

Sasa irudie hadithi ukitumia CPUDT uone inavyogeuka. Invoisi imeingia tarehe 24 Machi, inadai mifuko 20,000, SAP inaangalia kilichopokelewa inakuta sifuri, inaizuia kwa sababu ya idadi, ambayo ndo kazi yake na inafanya vizuri kabisa. GRN inakuja tarehe 2 Aprili, Jumatano. Na hapa kuna kitu wengi hawakijui: GRN ikiingia, ule mzuio hauondoki wenyewe, lazima mtu aendeshe MRBR, programu ya kufungua invoisi zilizozuiwa, au iwe imepangwa ijiendeshe. Pale kiwandani dada anaiendesha kwa mkono kila Ijumaa. Ijumaa ilikuwa tarehe 4. Kwa hiyo katika siku zile 11 zilizomfanya asimangwe mbele za watu, zake ni 2, na hizo 2 ni za ratiba, wala sio za uzembe. Na mpangilio wenyewe wa matukio ulikuwa uongo: ramani ilichora GRN kwanza halafu invoisi, kumbe invoisi ilitangulia. Mshale mwekundu kutoka invoisi kwenda kufunguliwa ulitakiwa upite kwenye GRN.

Na tusiishie hapo tukahamia kumsulubu mtu wa stoo. Nilimpigia kaka wa ghala lile, nikamsalimia, nikamuuliza taratibu tu. Akanambia, "Dada, mi huku kompyuta ya sistimu sina. Najaza kitabu, nampa dereva akienda makao makuu, wao ndo wanaingiza." Dereva anaenda akiwa na safari. Kitabu kikifika kinakaa mezani kwa kijana mmoja ambaye ana kazi nyingine zote za mwisho wa mwezi. Na hili halihitaji hata simu, liko kwenye ile kolamu ya ERNAM, jina la aliyeingiza: GRN za ghala la mkoani zote zina jina la mtumiaji mmoja, na zimerundikana siku chache za mwanzo na mwisho wa mwezi, huku BUDAT zikiwa zimetawanyika mwezi mzima vizuri kama mzigo unavyoingia kweli. Ukiona sura hiyo, CPUDT zimejazana na BUDAT zimetawanyika, ujue kuna kitabu mahali fulani, na kuna mtu anasafiri nacho.

Kwa hiyo mimi cha kwanza nikipewa data za manunuzi, kabla ya ramani yoyote, natoa BUDAT kwenye CPUDT kwa kila ghala. Likitoka sifuri au siku moja, sawa, endelea. Likitoka wiki mbili, usichore kitu kwanza, nenda kaulize. Halafu ukichora, tumia CPUDT pamoja na CPUTM, saa ya kuingizwa. BUDAT haina saa, programu nyingi zinaipa saa sita usiku, ndo unakuta PO iliyotolewa mchana na mzigo uliopokelewa jioni ile ile, ramani inasema mzigo umepokelewa kabla ya PO, halafu mtu anasimama kwenye kikao anatangaza ukiukwaji wa taratibu. Jamani.

Ila na BLDAT nayo usiiamini kipofu. Ukifungua MIGO, skrini ya kuingizia GRN, inajijaza tarehe ya leo, na mtu mwenye haraka haibadilishi. Ukikuta BLDAT inafanana na CPUDT kwenye kila mstari, hiyo sio tarehe ya delivari noti, ni tarehe ya uvivu, na haitakwambia mzigo ulifika lini. Hapo chukua kitabu cha askari wa getini. Chukua magari machache tu, namba ya gari, tarehe, saa, linganisha na GRN zake. Pale kiwandani kitabu cha getini na BLDAT vilikubaliana, ndo maana zile siku 15 nazisimamia bila wasiwasi.

Najua kuna atakayesema mbona idhini ya PR ilichukua siku 9, huoni hilo? Naliona. Tarehe 3 mpaka 12, liko wazi kwenye CDHDR, jedwali la kumbukumbu za mabadiliko, chini ya BANF ambayo ndo PR, kila aliyeidhinisha na saa yake, na sina utetezi mkubwa. Lakini hata hapo logi inaona kubonyeza tu. Haioni kama PR ilirudishwa kwa wasap ikaulizwe bei upya, haioni kama bosi hajui kwamba inamsubiri. Siku 9 ni swali la kumuuliza mtu, bado sio jibu.

Na kingine kifupi: usichanganye kapu moja. Kuna manunuzi ambayo invoisi inaruhusiwa kutangulia mzigo, kuna ambayo hairuhusiwi mpaka GRN iwepo, kuna huduma ambazo hazina GRN kabisa, ukizipigia wastani mmoja unapata namba ambayo haimhusu yeyote. Anayetaka kufanyia mazoezi achukue data za BPI Challenge 2019, shindano la wachimba michakato, za kampuni kubwa ya rangi inayoendeshwa kutoka Uholanzi, ziko wazi kwa kila mtu. Zina mistari ya PO zaidi ya 251,000, na wameigawa makundi manne kwa namna hiyo hiyo ya kulinganisha mzigo na invoisi. Angalia pia kwamba kesi moja pale ni mstari wa PO, sio PO nzima. PO yenye vitu vitano vinavyokuja kwa magari matatu ukiifanya kesi moja, ramani inakuwa tambi tupu, na kila mtu atasoma anachotaka kusoma.

Nakubali, kwa shingo upande, kwamba bila ile ramani nyekundu hakuna mtu angeuliza habari za ghala la mkoani. Mshauri alifungua mlango. Lakini alitakiwa apite yeye kwanza aangalie ndani, maana ile namba aliyoitupa mezani iliangukia kwa mtu mwenye jina, mwenye watoto, anayeamka alfajiri kupanda daladala aje kuendesha MRBR ambayo kompyuta ingeweza kuiendesha yenyewe.

Mkurugenzi nilimwandikia, na kwa kuwa najua wapo wengine wenye ghala kama lile, naliweka na hapa. Barua ya onyo isitoke. Ghala la mkoani lipewe laisensi moja na kompyuta, kaka yule aingize GRN mwenyewe gari likiwa bado linashusha. MRBR ipangwe kwenye SM36, sehemu ya kupanga kazi za kujiendesha, iwe inaenda kila usiku, ifungue zile ambazo sababu ya kuzuiwa haipo tena, dada abaki na zile zenye tofauti ya kweli ya bei au idadi, ambazo ndo zinahitaji akili ya mtu. Mwezi ukiisha vuteni tena ile EKBE, ghala lile lile, mtazame CPUDT imeachana na BUDAT kwa siku ngapi. Kama bado ni 15, nipigieni, maana kitakuwa kitu kingine na tutakitafuta upya.