Taja kijiko, usitaje infografiki

Mchoro niliotaka ulikuwa mmoja tu: jinsi ya kukoroga maji ya chumvi na sukari ya mtoto anayeharisha. Vijiko sita vya chai vya sukari, nusu kijiko cha chumvi, lita moja ya maji safi. Ungebandikwa kwenye vibanda vya maji hapa Nyalenda, Kisumu, ambako huyu anasoma Kijaluo, yule Kiswahili, na mwingine hasomi kabisa. Kwa hiyo pasiwe na neno hata moja. (Pakiti ya ORS ya zahanati ni bora, mchoro huu ni wa usiku ambao pakiti haipo.)

Nikaiandikia programu ya AI ya kuchora `infographic, no text`. Ikaniletea picha ya kupendeza iliyojaa herufi zisizosomeka. Nilijiponza mwenyewe. Programu hizi zimejifunza kutokana na picha za mtandaoni, na infografiki nyingi huko, yaani michoro ya maelezo, zina maandishi. Ukilitaja jina, herufi zinafuata. Kukataa katikati ya sentensi nako hakusaidii sana, kwa sababu neno `text` bado limo. Programu ya Midjourney ina pahali pa kukatalia, baada ya `--no`.

Herufi zilipoondoka, hesabu ikaharibika. Vijiko vya sukari vilikuwa vitano, nikijaribu tena, vinane. Nilipoomba nusu kijiko cha chumvi, nikachorewa kijiko kilichovunjika! Hapo sicheki sana, maana chumvi ikizidi inamdhuru mtoto. Kwa maoni yangu, usiiachie mashine kuhesabu wala kupanga mishale. Iombe kitu kimoja kimoja:

```
flat icon, one teaspoon of brown sugar seen from above, thick black outline, plain white background --no text, letters, numbers
```

Kijiko hicho nilikinakili mara sita kwenye programu ya kuhariri picha. Cha chumvi nilikifuta nusu kwa mkono. Sukari niliipa rangi ya kahawia kwa makusudi, la sivyo mtu angeichanganya na chumvi. Kisha nikaongeza kisu kinachosawazisha kijiko, ili mtu asichote lundo.

Mishale niliichora mwenyewe, na bado nikakosea. Nilipanga picha katika safu mbili, mshale ukipinda kutoka juu kushuka chini. Mama mmoja anayeuza omena Kibuye aliutazama, akaanzia safu ya chini.

"Kwani mtoto anakunywa kwanza, ndio tukoroge?"

Sasa picha zote ziko kwenye mstari mmoja, toka juu hadi chini. Nilipomrudia alifuata vizuri mpaka kwenye jagi, akasimama.

"Hili jagi lako linaingia maji kiasi gani? Mimi nyumbani nina chupa za soda."

Nikalitoa jagi, nikaweka chupa mbili za nusu lita.