Imla ya "their", "there" na "they're": alama zinapima nini?

"Je, imla ya maneno yanayotamkwa sawa inampima mwanafunzi kweli, na alama zigawanywe vipi?"

Wanaoipinga wana hoja nzito: sikio haliwezi kuyatofautisha maneno haya matatu, kwa hiyo zoezi si la kusikiliza bali la sarufi, na kuyarundika katika aya moja huweza kumchanganya hata mtoto aliyekuwa akiliandika vizuri kila neno peke yake. Watetezi hujibu kwamba sarufi hiyo ndiyo shabaha yenyewe. Nakubaliana nao, mradi usomaji na usahihishaji viwe makini.

Tuchukue kifungu hiki: "The pupils left their bags over there because they're going to the river. There are three boats, and their owners say they're safe." Kina nafasi sita, mbili kwa kila neno. Mwanafunzi wa Kiswahili ana msaada wake, kwa sababu "mabegi yao", "pale" na "wanakwenda" hazikaribiani hata kidogo. Ila "There are" ni "kuna", wala si "pale", na hapo msaada huo hupungua. Mwalimu akisitisha kusoma baada ya "because they're", mtoto hana dalili yoyote na atabahatisha. Kituo kije baada ya "going". Akitamka "they are" kwa ukamilifu, ameshalitoa jibu.

Ugumu mkubwa uko kwenye alama. Tukitoa alama moja kwa kila nafasi, aliyeandika "there" kote anapata 2 kati ya 6 bila kutofautisha chochote. Tunaweza kukaza: alama mbili za neno zitolewe pale tu nafasi zake zote mbili zikiwa sahihi na neno hilo halikuandikwa pasipo pake. Sasa yule wa "there" kote anapata 0, jambo ambalo ni haki. Lakini aliyekosea mara moja tu, akaandika "there" badala ya "their" kwenye "their owners", naye anapoteza alama za maneno yote mawili na kubaki na 2, ilhali nafasi tano alizipatia. Huo ni ukali unaoumiza, na ndiyo maana ningeandika kwenye daftari la maendeleo hesabu ya kwanza, yaani 5 kati ya 6, na kuitumia ya pili kuamulia neno la kufundisha upya.

Aliyeandika "thier", au "theyre" bila ritifaa, amechagua neno sahihi na kukosea tahajia. Apewe nusu, kwa kuwa kosa lake si sawa na la aliyeandika "there" mahali hapo. Aliyeandika "they are" naye nampa nusu: sarufi ameielewa, ila hakuandika alichosomewa.